Swali la 3: Hesabu za Mifuko ya Shirika la Hisani (alama 20)

Shirika moja la hisani linachimba visima vya maji katika vijiji vya Wilaya ya Kondoa, mkoani Dodoma. Lina mifuko miwili: Mfuko Mkuu, usio na masharti, na Mfuko wa Visima, ambao fedha zake zimefungwa na mkataba wa mfadhili. Gharama huingizwa vitabuni zinapotokea, hata kama hazijalipwa. Ruzuku huhesabiwa kuwa mapato siku inapopokelewa.

Tarehe 1 Januari 2024 Mfuko Mkuu ulikuwa na Sh 18,400,000 na Mfuko wa Visima Sh 9,600,000, zote zikiwa benki, kila mfuko na akaunti yake. Hakukuwa na deni lolote.

Katika mwaka ulioishia 31 Desemba 2024, harambee na michango ya waumini na wafanyabiashara, iliyotolewa bila sharti, ilileta Sh 27,500,000. Mfadhili alitoa Sh 64,000,000 kwa ajili ya visima tu. Akaunti ya visima ilipata riba ya Sh 900,000, na mkataba unasema riba ifuate ruzuku.

Shirika lililipa Sh 51,300,000 za uchimbaji, mishahara ya ofisi Sh 19,200,000, na pango na umeme wa ofisi Sh 6,600,000. Fundi wa visima alilipwa Sh 8,400,000. Mkataba unaruhusu robo tatu tu ya mshahara wake itozwe kwenye Mfuko wa Visima, na kila akaunti ililipa sehemu yake.

Ankara ya Sh 4,700,000 ya kufunga pampu ya mkono, kazi iliyokamilika Desemba, haikuwa imelipwa mwaka ulipofungwa.

Novemba, akaunti kuu ilipokaukiwa kwa muda, Sh 3,200,000 za mishahara ya ofisi (zimo katika kiasi cha hapo juu) zilitolewa kwenye akaunti ya visima. Hazijarudishwa.

Desemba bodi ilipitisha azimio la kutenga Sh 5,000,000 za Mfuko Mkuu kwa ajili ya pikipiki ya ofisi. Karani akaziandika kwenye safu ya fedha zenye masharti.

Inatakiwa:

(a) Andaa taarifa ya mapato na matumizi ya mwaka, yenye safu ya kila mfuko na safu ya jumla, hadi salio la kufungia. Onyesha hesabu zako. Mtahiniwa aliyekosea tarakimu moja lakini akafuata njia sahihi hatapoteza alama zote. (alama 10)

(b) Je, karani alikuwa sahihi kuhusu pikipiki? Toa sababu, kisha onyesha salio la Mfuko Mkuu lionekaneje kwenye mizania. (alama 4)

(c) Akaunti zote mbili za benki zina jumla ya Sh 34,900,000. Linganisha kiasi hiki na masalio ya mifuko. Mweka hazina anataka Sh 22,000,000 kati yake zilipie mishahara ya ofisi Januari hadi Juni 2025. Mwandikie ushauri mfupi, ukieleza pia Sh 3,200,000 za Novemba zishughulikiweje. (alama 6)