Ombi: unisomee andiko la mradi, kabla ya Jumatano saa 6 mchana

Dada Rehema,

Habari za kazi? Pole na pilikapilika za mwisho wa mwezi.

Nina ombi. Nimeambatisha andiko la mradi wa maktaba za shule, kurasa 22, ambalo lazima limfikie mfadhili Ijumaa kabla ya saa 10 jioni. Naomba unisomee kwa jicho la kusahihisha. Nimelisoma mara nyingi mno. Sasa macho yanapita juu ya makosa kama hayapo.

Hoja na bajeti mkurugenzi ameshazipitisha, kwa hiyo usijisumbue nazo. Ninachohitaji ni tahajia, alama za uandishi, sentensi zinazomlazimu msomaji arudie, na tarakimu zisizolingana. Jana tu nimegundua muhtasari unataja wanafunzi 480 na ukurasa wa 14 unasema 840. Idadi sahihi ni 480 na nimeshairekebisha, ila sina hakika kama ni hiyo peke yake. Tafadhali linganisha Jedwali la 3 na maelezo yaliyo chini yake.

Jambo jingine la kuangalia: mwanzoni tuliandika "vituo" kote, baadaye tukabadilisha kuwa "shule". Kompyuta ilibadilisha neno lakini haijui ngeli, hivyo utakutana na "shule vilivyochaguliwa" na ndugu zake. Nimewafukuza wengi, wachache bado wamejificha, hasa sehemu ya nne.

Ukiweza, nirudishie kabla ya Jumatano saa 6 mchana. Hapo nitabaki na siku nzima ya kurekebisha, na Alhamisi jioni mkurugenzi atie saini. Sahihisha humo humo kwenye faili, ukiwa umewasha alama za mabadiliko. Penye shaka niachie maoni pembeni. Kama unapenda kalamu nyekundu, nakala iliyochapishwa nimeiweka mezani kwako. Muda ukibana, soma muhtasari na sehemu ya nne tu. Na kama wiki hii haiwezekani kabisa, niambie leo bila kuona haya, nitafute mtu mwingine mapema.

Nimekuja kwako kwa sababu sijasahau ile ripoti ya mwaka. Watu wanne tuliisoma, na ni wewe peke yako uliyeona kwamba tarehe ya kufunga hesabu ilikuwa imetangulia tarehe ya kuanza mradi. Ingetoka vile, aibu ingekuwa yangu. Sikukushukuru ipasavyo siku ile kwa sababu ya haraka, basi pokea shukrani zangu leo, za ile na za hii. Najua una kazi zako, na saa mbili au tatu za kumsomea mtu mwingine si kitu kidogo.

Muhtasari wa kikao cha Alhamisi, ambao ni zamu yako, nitauandika mimi.

Ahsante sana, dada.

Salim