Mali kauli na mzee aliyekata kauli

Mimi mahakama niliyokuwa naijua maisha yangu yote ni lile soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, ya watu wenye majoho na mafaili nilikuwa naipita tu kwenye daladala. Nauza mchele na maharage Tandale mwaka wa 14 huu, na mtu yeyote wa nafaka atakwambia pale biashara inaenda kwa mali kauli. Huna mtaji, mwenye mzigo anakuamini, anakushushia, unauza, unampelekea hela yake kidogo kidogo. Neno lenyewe linajieleza, mali inatoka kwa kauli, na mimi nimesomesha watoto watatu kwa mtindo huo huo sitaki kuusema vibaya.

Mzee aliyekuwa ananipa mzigo tulikuwa tunamuita Mzee wa Ubaruku maana mchele wake ulikuwa unatoka kule Mbarali, mchele mzuri, hauna chenga nyingi, na hakuwa mtu wa kukubana. Ukichelewa anakupigia simu anakuuliza kwanza watoto hawajambo, alafu mwisho kabisa ndo anasema haya binti yangu usinisahau. Ndo maana hata yaliyotokea siwezi kumlaumu yeye, na mtoto wake sijui nimlaumu vipi, kila nikikaa nafikiria naona lawama inarudi kwangu tu.

Ilikuwa hivi. Alinishushia gunia 20 za kilo mia mia, kilo shilingi 2,400, kwa hiyo gunia 240,000 na mzigo wote 4,800,000. Kijana wa gari akaja na karatasi ya delivari nikasaini, gunia 20, tarehe, jina langu, namba ya simu. Wala sikufikiria mara mbili, nani hasaini delivari? Malipo nikagawa mara tatu. Ya kwanza nilimtumia kwa simu 1,800,000. Ya pili nilimpelekea stoo 1,500,000 taslimu, akazihesabu mwenyewe, akatoa kitabu cha risiti, hivi vya kununua steshenari, akaandika kwa mkono wake wa taratibu ule, "nimepokea shilingi milioni moja na laki tano tu, sehemu ya malipo ya mchele gunia 20", tarehe, akasaini saini yake ile ya kama mkia wa panya. Nikaikunja nikaitupia kwenye kopo la Blubendi ambalo naweka makaratasi.

Ya tatu ndo yenye kesi. Ilikuwa Ijumaa, nimefika mida ya saa sita na nusu, mzee yuko mlangoni kavaa kanzu anawahi msikitini na nyuma yake kuna fuso inashusha makuli wanapiga kelele. Nikamwambia shikamoo mzee nimekuja kumaliza deni. Akafurahi, akapokea zile 1,500,000, akahesabu bunda moja mengine akayaweka kwenye droo akafunga. Nikamuomba risiti. Akasema binti yangu kitabu hicho hapo mezani jiandikie, mi nikirudi kwenye swala nitakusainia, au hata kesho. Nikajiandikia. Tarehe, kiasi, kwa tarakimu na kwa maneno, nimemaliza deni lote, nikaacha vile vinukta vya saini vitupu, nikachana karatasi nikaondoka nayo, maana nilimuacha mtu tu genge langu na watu wa mama lishe huwa wanakuja kununua mchana ule. Kesho yake sikwenda. Kesho kutwa nikasema nitapita. Wiki ya pili nikasikia mzee kaanguka bafuni, kiharusi, upande wa kulia wote umelala na kauli imekata.

Nilienda kumuona hospitali na machungwa kama watu wote. Karatasi sikubeba, ungeibebaje mtu yuko kwenye hali ile.

Miezi miwili mbele mtoto wake ndo kashika stoo. Kijana msomi, mpole, si mtu wa matusi. Kaja kwangu na daftari na ile delivari yenye saini yangu, akasema mama, shikamoo, naona hapa mzee alikupa mzigo wa 4,800,000, kwenye simu yake nimeona uliingiza 1,800,000, kwa hiyo bado 3,000,000. Nikacheka. Nikamwambia mwanangu nimeshamaliza, mzee anajua. Nilipotamka hivyo tu nikajisikia mwenyewe, mzee anajua, mzee yupi, yule ambaye hawezi hata kusema maji?

Tulienda kwanza serikali ya mtaa, mwenyekiti akasema mmalizane, hatukumalizana, nikaletewa samansi ya Mahakama ya Mwanzo. Siku hiyo nilikojoa mara sita. Jirani yangu wa dagaa akanipeleka kwa dada mmoja msaidizi wa kisheria, wale ambao tangu ile sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 wanatambulika rasmi na hawakutozi hela. Nikamwaga kopo langu lote la Blubendi mezani kwake. Yule dada hakunisikiliza hadithi kwanza, alichambua makaratasi kwanza akatengeneza mafungu matatu, alafu ndo akasema haya sasa sema.

Akanieleza kitu ambacho nilikuwa nakiona cha ajabu mpaka siku ya kesi. Kwamba kijana akisema nadaiwa yeye ndo anatakiwa kuthibitisha, na ameshathibitisha, kwa saini yangu mwenyewe kwenye delivari. Hapo kazi yake imeisha. Mimi ninaposema nimelipa, hilo dai ni langu, mzigo wa kulithibitisha umehamia kwangu. Nikamwambia lakini mi ni mkweli. Akasema mama, hakimu hakuwepo stoo.

Kuhusu ya kwenye simu akasema usipeleke skrinshoti peke yake, nenda kwa watu wa mtandao wakutolee taarifa ya miamala na wagonge muhuri, kwa sababu tangu sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015 rekodi ya namna hiyo mahakama inapokea, ila lazima ijulikane imetoka wapi na haijachezewa. Na akaniambia nitafute risiti zote za zamani alizowahi kunisainia yule mzee, hata za miaka ya nyuma. Nikashangaa za nini, deni lile lilishakwisha. Akasema wewe tafuta tu. Nikapata nne, moja imeliwa na panya pembeni.

Siku ya kesi hakimu alikuwa mama mmoja wa makamo anaongea taratibu, kila kitu Kiswahili, anaandika kwa mkono ukiongea haraka anakwambia subiri. Kijana akatoa delivari ikapokelewa kielelezo. Zamu yangu nikatoa taarifa ya simu, kijana akasema hiyo sina ubishi. Nikatoa risiti ya pili yenye saini. Hapo kijana akasimama akasema hii saini siitambui, baba hajawahi kuniambia, na kwenye daftari lake haipo.

Moyo ukapiga paa. Ndo nikaelewa zile risiti nne. Hakimu akazipanga mezani pamoja na hiyo, akamuita kijana, akamuuliza hizi za zamani saini ya nani? Kijana akaangalia muda mrefu, akasema ya baba. Na hii? Akanyamaza. Ule mkia wa panya ulikuwa unapinda palepale zote tano, na yale maandishi ya mkono ya taratibu, milioni moja na laki tano *tu*, ile "tu" anaiandika na kijimstari chini kila mahali. Nakwambia nilitaka kulia, ilikuwa kama mzee kaingia mle ndani kwa miguu yake kasema ndiyo nilipokea.

Alafu nikatoa ya tatu.

Hakimu akaigeuza mbele na nyuma. Akaniuliza mwandiko wa nani? Wangu mheshimiwa. Saini ya mpokeaji iko wapi? Alikuwa anawahi swala mheshimiwa. Akaniuliza kwa upole kabisa, kwa hiyo hii karatasi inaniambia nini ambacho mdomo wako haujaniambia? Nikakosa jibu. Mpaka leo nikipika nakumbuka lile swali. Maana ni kweli, karatasi ile ilikuwa mimi tena, mimi nikijitolea ushahidi mwenyewe, ningeweza kuiandika hata usiku wa jana kitandani.

Nilikuwa na shahidi, kuli mmoja aliyekuwa anashusha ile fuso. Akaja kwa moyo mzuri, akasema nilimuona mama akimpa mzee hela. Shilingi ngapi? Sijui, bunda. Za nini? Sijui. Siku gani? Ijumaa, ila Ijumaa ipi sikumbuki, pale fuso zinakuja kila Ijumaa. Jamaa hakudanganya hata neno moja na hakunisaidia hata shilingi moja. Nilidhani shahidi ni mtu aliyekuwepo, kumbe kuwepo tu haitoshi.

Hukumu ikasomwa wiki tatu baadae. Kwenye madai mahakama haisubiri uhakika wa asilimia mia, inaangalia upande upi ushahidi wake mzito zaidi, kwa hiyo 1,800,000 imethibitika, ile 1,500,000 yenye saini imethibitika, ya tatu haijathibitika, nilipe. Nikakubaliwa awamu sita za 250,000. Nikaambiwa naweza kukata rufaa wilayani ndani ya siku 30. Nilimuuliza yule dada, akaniuliza utapeleka nini kipya? Nikarudi zangu sokoni.

Watu wa sokoni walinigawanyikia. Wengine wakasema kijana dhalimu. Mi nawaambia nyie, weka wewe ndo mtoto, baba hasemi, una delivari imesainiwa na mama anakuletea karatasi kaandika mwenyewe, ungefuta milioni na nusu?

Nikalipa. Kila awamu nilienda na kitabu changu mwenyewe cha risiti chenye kopi ya kaboni, namwambia mwanangu andika, na kwa maneno, na ya deni lipi, na imebaki ngapi, na saini hapa, alafu ndo naachia hela. Mwanzoni alikuwa anaona kama namdhalilisha, awamu ya tatu akawa analeta kalamu mwenyewe.

Ya mwisho nilipeleka nyumbani kwao maana stoo ilikuwa imefungwa. Mzee kakalishwa kwenye kiti barazani, kakonda, mdomo umevutika upande. Nikampa shikamoo, macho yakanijua. Kijana akaandika, akasaini. Nikawa naondoka, sijui nini kikanituma nikafungua pochi nikatoa ile karatasi ya Ijumaa nikaiweka kwenye mapaja ya mzee. Sikusema kitu. Akaiangalia sana. Alafu mkono wa kushoto ukaja unatetemeka, kidole kikatambaa juu ya karatasi, kikapita kwenye tarehe, kikapita kwenye kiasi, kikaenda kusimama pale kwenye vinukta vya saini, kikabonyeza, kikakaa hapo hapo.

Kijana aliona. Akainuka akasema anaenda kuangalia chai.