Tahadhari kwa wakazi wa Kayole: meseji ya “Inua Jamii” inayodai shilingi 199

Wazee wetu, kina mama na vijana, hamjambo. Tangu Jumatatu kuna meseji inayozunguka mtaani. Tumeiondoa namba, asije mtu akaitumia:

“HONGERA! Umechaguliwa kupokea KSh 8,000 za INUA JAMII. Jibu kwa JINA KAMILI, NAMBA YA KITAMBULISHO na MWAKA WA KUZALIWA. Tuma KSh 199 ya usajili kwa afisa wetu kabla ya saa kumi jioni. Usimwambie mtu, nafasi ni chache.”

Ni ya matapeli. Hiyo 8,000 haikuokotwa tu. Inua Jamii hulipa 2,000 kwa mwezi, kwa hiyo mzee wa miaka 70 na zaidi ambaye malipo yake yamechelewa anapiga hesabu ya miezi minne na kuona inalingana. Nayo 199 ni ndogo, wengi hawaoni taabu kuihatarisha. Ukishaituma, utapigiwa simu: “mfumo umekwama, ongeza 350 faili lipite.” Usajili wa kweli haulipiwi. Hupitia kwa chifu na maafisa wa ustawi wa jamii, na hutakiwi kutuma pesa zozote kwa laini ya mtu binafsi.

Kitambulisho ndicho wanachokitaka hasa. Wakiwa na jina, namba na mwaka wa kuzaliwa, wanaweza kujaribu kuihamisha laini yako kwenye kadi nyingine, au wakupigie wakijifanya wahudumu wa mtandao na kukutajia maelezo yako mwenyewe hadi uwaamini. Kisha watakuomba pini, au namba ya siri iliyoingia kwa meseji. Usiitoe, hata wakikutajia jina la babu yako.

Kama umeshatuma pesa kwa M-Pesa, usianze kubishana nao kwenye simu. Peleka ile meseji ya M-Pesa ya kuthibitisha, yote kama ilivyo, kwa 456 mara moja. Pesa zikiwa bado kwenye akaunti ya aliyepokea huweza kuzuiwa. Zikishatolewa kwa wakala, kuzirudisha ni kazi ngumu, ndiyo maana huwa wanazitoa upesi.

Kama ulitoa kitambulisho tu, badilisha pini, kisha piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukiona usiyoijua, nenda duka la Safaricom na kitambulisho chako. Meseji ya matapeli itume 333, ni bure. Usiifute: ukienda kituo cha polisi kuandikisha OB utaihitaji pamoja na namba iliyoituma.

Mwenye swali kuhusu Inua Jamii apige 1533, pia ni bure, au aende kwa chifu.

Walio na kabambe hawatauona ujumbe huu wa Wasapu. Vijana, wasomeeni leo jioni, na mwangalie kama kuna jibu walilokwisha kutuma.