Tope Kwanza, Kidonge Baadaye

Habari za asubuhi, wasikilizaji. Poleni sana na mafuriko. Poleni ninyi wa bonde la Luiche ambao mpunga umelala chini ya maji, na ninyi wa Katonga na Kibirizi ambao ziwa limewafuata hadi mlangoni. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi zahanati hapa Ujiji, na nimeomba dakika hizi chache tuzungumzie maji ya kunywa.

Juzi nilipita nyumba kwa nyumba. Mama mmoja akanikaribisha, akanichotea maji kwenye ndoo. Yalikuwa yamelala usiku kucha, tope limeshuka chini, juu meupe kabisa. Akaniambia, "Kunywa, nesi, haya yameshatulia." Nikamshika mkono, nikamwomba tutoke nje pamoja. Kisima alichochota kiko hatua kama ishirini tu kutoka choo cha jirani, na choo hicho kilikuwa kimejaa maji mpaka juu, kinamwagika. Mama akanyamaza. Ndugu zangu, kinachotulia ni tope. Vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu havionekani kwa macho, navyo vimebaki humo humo kwenye maji meupe.

Hata hivyo, kuyatuliza ni mwanzo mzuri. Yakishatulia, yamimine taratibu kwenye chombo kingine ukipitisha kwenye kitambaa safi. Kanga iliyofuliwa, ukaikunja mara nne, inafaa. Hapo ndipo uyatibu.

Ukiwa na moto, chemsha. Na kuchemsha si kuona mvuke, wala vile vipovu vidogo vinavyoshika pembeni mwa sufuria. Subiri maji yatokote, mapovu makubwa yapande kutoka chini na kuvuruga maji yote, kisha hesabu dakika moja nzima. Funika, acha yapoe yenyewe. Nimeona mtu anachemsha vizuri, halafu kwa haraka anaongeza kikombe cha maji mabichi yapoe upesi. Hapo mkaa wake umekwenda bure.

Najua wiki hii kuni zimelowa na mkaa umepanda bei. Basi tumia vidonge vya klorini. Vingi tunavyogawa ni vya miligramu 67, na kimoja kinatosha ndoo ya lita 20 ya maji yaliyo maangavu. Soma pakiti yako kwanza, maana vipo vidogo vya maji machache. Kama kusoma ni shida, mwombe mwanafunzi wa nyumbani akusomee. Tumbukiza, koroga, funika, subiri nusu saa. Maji yakiwa bado na ukungu hata baada ya kuchuja, weka viwili. Hapa nasisitiza, kwa sababu ndipo wengi tunapokosea: klorini ikikuta tope inamalizikia kwenye tope, vimelea vinabaki salama. Ndiyo maana nasema tope kwanza, kidonge baadaye.

Kidonge hakimezwi. Kiweke mbali na watoto.

Ile harufu ya dawa isikukimbize. Ukiacha maji wazi kidogo mahali safi, inapungua. Nasikia pia maneno mtaani kwamba vidonge hivi vinaharibu uzazi. Si kweli. Mimi mwenyewe nayanywa maji haya, na wanangu wanayanywa.

Lipo jambo moja ambalo wala moto wala kidonge haviliwezi: mafuta ya injini na dawa za shamba. Ninyi wa mwaloni mkiona maji yana utando wa mafuta au yananuka petroli, msiyanywe, tafuteni chanzo kingine.

Maji yakishakuwa salama, yaweke kwenye dumu safi lenye mdomo mwembamba na kifuniko, au ndoo yenye bomba. Kikombe kinachozamishwa na mkono wa mtoto aliyetoka kucheza kwenye dimbwi kinarudisha kila ulichokitoa. Maji hayo hayo ndiyo ya kupigia mswaki, ya kuoshea matunda, na ya kumnyweshea mgonjwa dawa.

Mtu akianza kuharisha majimaji kama maji ya mchele, usingoje kesho. Koroga pakiti moja ya chumvichumvi ya ORS kwenye lita moja ya maji yaliyotibiwa, mnyweshe kidogo kidogo, na mwende zahanati huku mkiendelea kumnywesha njiani. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Vidonge tunavyo zahanati, havilipiwi. Njoo asubuhi na ndoo yako yenye maji ya kisimani, tutayatibu pamoja ukiona kwa macho yako. Yule mama wa juzi alikuja jana, na jirani zake watatu wakamfuata. Asante mtangazaji, asanteni wasikilizaji.