Kuku wa Uvunguni

Kila asubuhi, mara tu mlango wa chumba cha Bibi ulipofunguliwa, Madoa alijipenyeza chini ya shuka lililoning'inia, akatokomea uvunguni. Bandani alikuwa ametengenezewa kiota kizuri cha majani makavu, lakini hakukitazama hata mara moja. Kuku hupenda kutaga penye giza na utulivu, na uvungu ulikuwa na vyote viwili.

Watoto walisubiri atetee. Hapo walilala kifudifudi, wakapapasa kati ya viatu vikuukuu na sanduku la bati, mdogo wao akipiga chafya kwa vumbi.

"Nimelipata! Bado lina joto!" alisema, akilibandika shavuni.

Siku moja Madoa hakutetea wala hakutoka. Mkono ulipomkaribia alitimua manyoya, akadonoa kidole. Nyuma ya sanduku, ambako hakuna aliyewahi kupapasa, alikuwa amefunika mayai tisa.

"Mwacheni, wajukuu zangu," Bibi alisema. "Ameanza kuatamia."

Kwa siku 21 Bibi alipanda kitandani mwake akinyata kama mwizi.