Maneno ya Posa Mbele ya Jamaa, Iddi Mosi, Kibokoni

(Yasemwe baada ya biriani, kahawa ikishaanza kumiminwa. Bibi akae karibu na Mwanaisha, mfuko ukiwa mapajani mwake. Naomba mtu yeyote asipige kigelegele kabla Mwanaisha hajajibu, kwa sababu kigelegele kikitangulia, jibu si lake tena.)

Asalaam aleikum. Baba, Mama, Bibi na jamaa nyote, Iddi njema. Nimesimama kutoa shukrani, kwani tangu Omari aniingize katika nyumba hii, sijawahi kuketi kwenye mkeka huu nikainuka na njaa wala unyonge.

Shukrani zangu zinaanzia kwenye feri ya Likoni. Asubuhi moja ya masika, mvua ilitukuta katikati ya maji, mimi, Omari na dada yake, na karibu nasi alisimama mama mmoja mwenye beseni la mahamri ya kuuza. Mwanaisha hakumjua mama yule, lakini aliivua leso aliyojitanda juu ya buibui, akaikunja mara mbili, akalifunika beseni, kisha akalowa hadi tulipoteremka ng'ambo. Nilipomwambia kwamba ataugua, alinijibu: "Leso itakauka, lakini mahamri yakilowa hayauziki." Nimeishi na maneno hayo kwa miaka mitatu.

Bibi, tafadhali mpe mfuko.

Mwanaisha, hiyo ni leso niliyoinunua Barabara ya Biashara badala ya ile iliyolowa. Jina lake nililitafuta duka hadi duka: "Wema wako siusahau." Ni pea moja, nayo haijakatwa wala kupindwa.

Wiki mbili zilizopita wazee wangu walikuja hapa kwa siri pamoja na mshenga, na posa ikapokewa kwa sharti moja ambalo Baba aliliweka nami nikalipenda kwa moyo wote, kwamba neno la mwisho ni lako. Hakuna lililoamuliwa kwa niaba yako. Ukiniridhia, mpe Mama leso hiyo aikate na kuipinda. Ukitaka siku za kufikiri, ikunje uirudishe mfukoni, nasi tutaendelea kunywa kahawa. Ukisema la, leso itabaki yako, na heshima yangu kwa nyumba hii haitapungua.

Mimi ni mtu wa zamu bandarini, na kuna usiku ambao nitarudi nimechoka nisiwe na maneno mengi. Mali ya kujisifia sina. Ninachokuahidi mbele ya wazee hawa ni kwamba mvua ikija, sitasimama pembeni nikitazama kama nilivyosimama siku ile. Nitalishika beseni pamoja nawe.

(Nisogee hatua moja, nisimguse, nimtazame yeye peke yake.)

Mwanaisha, je, unaniridhia niwe mume wako?