Maneno yetu ya kukataa: nyumbani, ofisini na dukani

Baba watoto, haya ndiyo tuliyokubaliana juzi usiku. Nimeyaandika ili sote tujibu kwa mdomo mmoja. Desemba inaingia, kadi za harusi zimeshaanza kuja, na Januari kuna ada za watoto watatu na kodi ya fremu. Sehemu ya duka nimempa nakala kijana wetu pale Segerea. Hii ya ndugu ibaki kwetu wawili.

Neno "sina" tunaliacha. Jirani ameona kirikuu kikishusha saruji mlangoni asubuhi, jioni unamwambia huna elfu hamsini. Haamini, na haki yake asiamini. Pesa ipo, ila ina kazi yake, basi tuseme hivyo:

"Nimekusikia, ndugu yangu. Pesa iliyopo imeshapangiwa kazi, kwa hiyo hilo sitaliweza."

Hii ndiyo mama wa zote. Ukikwama popote, itoe hii. Angalia nimeandika "sitaliweza", si "sitaliweza leo". Ukisema leo, umempa miadi ya kesho, na kesho saa moja asubuhi simu inaita. "Nitaangalia", "tutaona", "Mungu akijalia" na "nitajitahidi" nazo tuziache, maana anayeomba anazihesabu kama ndiyo iliyochelewa.

Akirudia mara ya pili usitafute sababu mpya. Kila sababu unayoongeza anaipatia dawa: ukisema ada, atakwambia shule zinakubali kulipa kwa awamu. Jibu liwe:

"Jibu langu ni lile lile, dada. Halina kinyongo."

Halafu muulize habari za watoto.

NDUGU

Kanuni ya kwanza kabla ya sentensi yoyote: wa kwako unawakatalia wewe, wa kwangu nawakatalia mimi. Nikimkatalia wifi kwa mdomo wangu, habari itafika Singida kwamba mke amemfunga kaka yao mikono, hata kama uamuzi ulikuwa wako. Kwa hiyo wifi akinipigia mimi, nitasema:

"Wifi yangu, hilo ongea na kaka yako. Atakalokwambia ndilo letu sote."

Na wewe shemeji zako wakikufuata, wambie "ongea na dada yako." Ila usije ukasema "dada yako amekataa." Hapo utakuwa umenirushia mpira mimi.

Mdogo wetu au binamu anayetaka kukopa:

"Mdogo wangu, nimekuelewa. Pesa ya duka hatuikopeshi mtu, hata sisi wenyewe hatuichoti. Nina elfu ishirini ya mfukoni kwangu, nakupa, na usinirudishie."

Kiasi kibadilishe kulingana na siku, ila kisizidi elfu hamsini, na kiwe cha kutoa moja kwa moja. Mkopo kwa ndugu unatupotezea pesa, na yeye unamfanya aanze kutukwepa misibani. Kama siku hiyo mfukoni hakuna kitu, ishia kwenye "hatuichoti."

Kumdhamini mtu benki, au kwenye saccos, au kuweka hati ya kiwanja chetu:

"Kaka, kumdhamini mtu tumekubaliana nyumbani kwamba hatufanyi, kwa yeyote. Siyo kwamba sikuamini."

Hapa usilegeze hata kwa mtu wa damu. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mdhamini anabeba deni sawasawa na mkopaji mwenyewe, isipokuwa mkataba wao useme vinginevyo. Akishindwa yeye, wanakuja kwako. Neno "kwa yeyote" ni la lazima, maana bila hilo atajiona ametengwa peke yake. Nalo litasimama tu iwapo ni kweli kwa yeyote, baba watoto, pamoja na yule rafiki yako wa Ukonga.

Mama mdogo anataka kumleta binti yake akae kwetu akisoma chuo. Huyu hajibiwi kwa meseji. Nitampigia mwenyewe Jumapili baada ya kanisa:

"Shikamoo mama mdogo. Tumekaa na baba watoto tukaliongea. Vyumba ni viwili, na watoto wetu wanalala chumba kimoja na bibi yao; binti hatapata hata pa kufungulia daftari. Kukaa hapa haitawezekana. Akipata chumba karibu na chuo, Jumapili aje ale kwetu, na akiumwa sisi ndio wazazi wake."

Nimepima sana kuhusu hii. Kwa mkubwa huwezi kukata tu ukanyamaza. Lazima umwachie kitu mkononi, na kiwe kitu tunachokiweza kweli. Chakula cha Jumapili tunakiweza. Nauli ya kila siku hatuiwezi, kwa hiyo usije ukaropoka kwenye simu kwamba tutamsaidia nauli.

Wanaotaka kufikia kwetu Krismasi nzima:

"Karibuni sana. Tarehe 24 hadi 26 tupo na tutafurahi. Tarehe 27 tuna safari zetu, hivyo siku tatu hizo ndizo tulizonazo."

Safari yenyewe ni kwenda kuhesabu mali dukani, lakini ni safari.

Misiba haina sentensi humu. Tunakwenda, tunatoa tulichonacho, basi.

HARUSI NA MARAFIKI

Kamati za harusi ndizo zitatumaliza mwaka huu, kwa hiyo nimezipa sentensi mbili. Mtu akileta kadi ya mchango mkononi:

"Hongereni sana. Mwaka huu tulipanga harusi za kuchangia tangu mwanzo na zimeshatimia. Hii tutawaombea, na siku ya kanisani tutakuja kushangilia."

Tumepanga ngapi? Nne: ya mdogo wako, ya binti wa shangazi, ya mfanyakazi mwenzangu, na moja tumeiacha wazi kwa dharura. Ikishatoka hiyo ya nne, mlango umefungwa.

Ukiona umeingizwa kwenye kundi la watsapu la kamati bila kuulizwa, usikae kimya ukidhani hawakuoni. Mweka hazina anapandisha orodha kila jioni: fulani ahadi laki moja, amepunguza thelathini, fulani ahadi laki mbili, bado. Ukiandika "nipo pamoja nanyi" jina lako linaingia kwenye orodha hiyo na kiasi anakipanga yeye. Andika siku hiyo hiyo:

"Habari wanakamati. Nashukuru kwa kunikumbuka. Kwenye mchango sitakuwepo, kwa hiyo naomba jina langu lisiwekwe kwenye ahadi. Nawatakia maandalizi mema."

Subiri saa moja, kisha toka kwenye kundi. Bwana harusi mwenyewe mpigie umpongeze. Huyo ndiye asiyetakiwa kusikia kwa watu.

Rafiki anayekuita kwenye upatu au kikoba kipya: "Shoga yangu, nina kikoba kimoja na hicho kinanitosha." Usiulize riba wala mzunguko, ukiuliza tu umeshaingia.

Rafiki anayeazima gari: "Gari halitoki bila mimi kuendesha. Ukiwa na safari Jumamosi niambie mapema, nikiwa na nafasi nitakupeleka."

OFISINI KWANGU

Hizi ni zangu, ila na wewe zinaweza kukufaa. Mwenzangu anayeleta hati ya malipo bila viambatanisho, na daima anakuja saa kumi kasoro wakati wakala amesimama bandarini anasubiri:

"Kaka, bila risiti na ankara siipitishi. Zilete kabla ya saa tano kesho, itatoka asubuhi hiyo hiyo."

Anayedaiwa marejesho ya masurufu ya zamani na anaomba mengine: "Funga yale ya safari iliyopita kwanza, haya nitayaangalia siku hiyo hiyo." Anayeomba nimsainie mahudhurio: "Jina lako siliandiki mimi, dada. Mwambie bosi umechelewa, ataelewa." Fupi hivyo hivyo.

Kwa bosi sikatai kazi, nampa achague:

"Bosi, nimeipokea. Mezani nina marejesho ya kodi yanayotakiwa kwenda leo. Nikianza hii, yale yatalala. Niambie ipi itangulie."

Wanaotaka saruji kwa mkopo kwa sababu tunakaa ofisi moja: "Ofisini mimi ni mhasibu tu. Ya duka mpigie kijana, bei atakupa nzuri, ila ni taslimu kwa wote."

DUKANI

Kijana wangu, hii ni yako, isome mpaka uizoee. Hujakaa pale kugombana na mtu, na hutakiwi kusema "mama amekataa." Sema "hapa dukani."

Anayetaka mkopo:

"Bosi wangu, hapa dukani tunauza taslimu. Ukitaka unaweza kudunduliza: unalipa kidogo kidogo, naandika daftarini na kukupa risiti, ukimaliza unachukua mzigo wako."

Akionyesha kale kakibao ka "Kukopa harusi, kulipa matanga" na kucheka, cheka naye. Ukishacheka, jibu ni lile lile.

Fundi anayetaka uandike bei ya juu kwenye risiti ili apate cha juu:

"Fundi, risiti inaandikwa bei aliyolipa mteja. Ukituletea mteja, mama atakushukuru kwa pesa yake mwenyewe, lakini siyo kupitia karatasi ya mteja."

Mafundi wengi watanuna kidogo, wachache watahamia duka la jirani. Waache waende. Mwenye nyumba akigundua amepigwa kwenye nondo, jina analolikumbuka ni lililo juu ya risiti.

Anayesema "nipunguzie, risiti usitoe": "Punguzo nitakupa ninaloweza, risiti lazima itoke." Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inambana muuzaji asiyetoa na mnunuzi asiyedai, kwa hiyo mwambie kwa upole kwamba inamkinga na yeye.

Anayekuonyesha meseji ya muamala kwenye simu yake wakati kwetu haijaingia:

"Mkubwa, nakuamini. Tunapakia ikishaonekana kwenye simu ya duka. Kaa kwenye kivuli, maji haya hapa."

Hata kama dereva wa guta anapiga kelele. Hata kama mtu amevaa suti. Na anayepiga akisema amekosea kutuma, umrudishie kwenye namba nyingine: "Wapigie mtandao wako, wao watairudisha." Kisha kata simu na nipigie mimi.

Msambazaji anayetusukumia rangi tusizoziagiza: "Asante, mzigo huu hatukuagiza, naomba urudi nao. Oda yetu inatoka kwa maandishi." Usisaini chochote cha kupokea.

Baba watoto, limebaki moja nimeshindwa kuliandika. Mzee wako akiomba pesa ya kumalizia paa la nyumba ya kijijini, mimi sina sentensi, na sidhani kama inafaa kuwepo. Hilo tulikae Jumamosi, na uje na kiasi ulichonacho kichwani.